WhatsApp inasema toleo limeisha muda na simu ya zamani imejaa: namna ya kusasisha bila kupoteza meseji

Kila toleo la WhatsApp hutoka likiwa na tarehe yake ya mwisho ndani yake. Tarehe ikikaribia, programu huanza kukukumbusha usasishe. Ikipita, inajifungia: badala ya orodha ya mazungumzo unakutana na skrini nzima inayokwambia toleo lako limeisha muda, pamoja na kitufe cha kukupeleka Play Store. Mwenye simu yenye nafasi anabonyeza, anasubiri kidogo, yameisha. Mwenye simu ya Android ya GB 8 anabonyeza na kuambiwa nafasi haitoshi, na hapo ndipo watu wengi hufanya kosa linalowagharimu: wanaiondoa WhatsApp kabisa ili wapate pa kuiweka upya.

Usiiondoe. Meseji zako zimo ndani ya hiyo programu iliyojifunga, na ukiiondoa zinaondoka nayo. Kitakachokuwa kimebaki ni bakapu, kama ipo, na kama ni ya karibuni. Toleo jipya likiwekwa juu ya la zamani, kila kitu kinabaki mahali pake: meseji, magrupu, hata mazungumzo uliyoyaficha. Kwa hiyo kazi yote ni kutafuta nafasi kwenye vitu ambavyo si meseji, halafu kusasisha juu kwa juu.

Wala huna haja ya kukurupuka. Meseji unazotumiwa wakati programu imefungwa zinakungoja kwenye seva kwa muda wa hadi siku 30, zikizidi hapo zinafutwa. Una muda wa kufanya kazi hii kwa utulivu, ila si wa kuiweka kiporo mwezi mzima.

## Kwanza hakikisha tatizo ni hilo kweli

Angalia tarehe ya simu. WhatsApp hulinganisha tarehe yake ya mwisho na saa ya simu yako, kwa hiyo simu iliyoruka mbele mwaka mmoja itaona toleo la juzi limeshapitwa na wakati. Simu za zamani hupoteza tarehe betri ikiisha kabisa au ikitolewa. Nenda Settings, kisha Date & time, washa Automatic date & time na Automatic time zone. Kama mtandao wako hautoi saa, zima hizo mbili na uweke tarehe kwa mkono. Fungua WhatsApp tena. Ikifunguka, umemaliza.

Kuna wanaoshauri urudishe tarehe nyuma ili kuihadaa programu. Haifai. WhatsApp itakwambia tarehe ya simu si sahihi na itakataa kuunganika. Zaidi ya hapo, tovuti salama na Play Store navyo hugoma saa ikiwa mbali na ukweli, kwa hiyo utakuwa umejifungia hata njia ya kupakua toleo jipya.

Pili, onyo la kweli huja ndani ya programu yenyewe na linakuzuia kuingia. Kama WhatsApp inafunguka vizuri ila kuna meseji, iwe ya grupu au SMS, inayosema "toleo lako limeisha, bonyeza hapa", hiyo ni mtego. Ifute.

Tatu, na hili liangalie kabla hujafuta faili hata moja: Settings, kisha About phone, kisha Android version. Tangu tarehe 24 Oktoba 2023 WhatsApp imehitaji Android 5.0 au ya juu zaidi, na kiwango hicho hupandishwa kila baada ya muda. Kama simu yako inaonyesha 4.4 au chini ya hapo, hata ukiisafisha ibaki tupu haitasasishika. Ruka mpaka sehemu ya mwisho.

## Kwa nini simu inakataa wakati inaonyesha ina nafasi

Simu inayouzwa kuwa ya GB 8 haikupi GB 8. Mfumo wenyewe na programu zilizokuja nayo vinachukua sehemu kubwa, na mara nyingi unabakiwa na GB 4 au 5 za kutumia. Ndani ya hizo, kusasisha kunahitaji nafasi zaidi ya ukubwa wa faili unaloliona Play Store. Toleo la zamani haliondoki mpaka jipya liwe limeshakaa sawa, kwa hiyo kwa muda fulani simu inabeba yote mawili pamoja na faili lililopakuliwa. Kwenye Android 5 na 6 kuna nyongeza: mfumo huitafsiri programu nzima kwa lugha ya prosesa wakati wa kuiweka, na tafsiri hiyo nayo inakaa kwenye hifadhi. Kuanzia Android 7 kazi hiyo hufanywa kidogo kidogo baadaye, ndiyo maana simu mbili zenye nafasi sawa zinaweza kutofautiana, moja ikikubali na nyingine ikigoma.

Mwisho wa yote, WhatsApp ikifunguka baada ya kusasishwa inaweza kupanga upya hazina yake ya meseji, na kama meseji ni za miaka mingi inataka pa kupumulia. Ushauri wetu ni kulenga GB 1 iliyo wazi kabla ya kuanza. MB 500 zinaweza kutosha, lakini ukikwama katikati utarudia kazi yote.

Memori kadi haitasaidia moja kwa moja, kwa sababu WhatsApp haikubali kuhamishiwa huko. Inasaidia kwa kupokea vitu vingine, picha za kamera kwa mfano.

## Weka akiba ya bakapu kabla ya kugusa kitu

Programu imefungwa, kwa hiyo huwezi kuingia kwenye mipangilio yake ukafanya bakapu mpya. Lakini kwa kawaida WhatsApp hujitengenezea bakapu ndani ya simu kila siku saa nane usiku. Itafute kwa kutumia programu ya mafaili iliyokuja na simu. Kama huioni kwenye menyu, Android 6 inayo imefichwa: nenda Settings, kisha Storage & USB, ingia Internal storage, shuka mpaka chini na ubonyeze Explore.

Folda yenyewe iko sehemu moja kati ya hizi mbili. Simu za zamani huwa na ya kwanza. Simu za Android 11 na kuendelea, ya pili:

```
WhatsApp/Databases
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases
```

Ndani utakuta faili linaloitwa `msgstore.db.crypt14` (tarakimu za mwisho zinaweza kuwa 12 au 15, si tatizo), na mengine yenye tarehe katikati ya jina, kwa mfano `msgstore-2025-03-02.1.db.crypt14`. Lile lisilo na tarehe ndilo la karibuni kabisa. Angalia lilitengenezwa lini, kisha linakili uliweke kwenye memori kadi, kompyuta au flashi. Usilihamishe, linakili. Hutalihitaji kama mambo yataenda sawa, ila ndiyo bima yako ikiwa simu itazima katikati ya kazi.

## Pa kupata nafasi, kwa mpangilio

Tuchukue simu moja ya mfano: Android 6, hifadhi ya GB 8, imebakiza MB 180. Mwenyewe ameshafuta michezo na picha za kamera amezihamishia kwenye kadi. Anaona hana tena cha kufuta. Anacho, na kipo ndani ya folda ya WhatsApp.

Anza na `Databases` hiyohiyo. WhatsApp huweka bakapu ya leo pamoja na za siku zilizotangulia, hadi siku saba. Kwa mfano wetu kuna mafaili manane ya MB 55 kila moja. Yote yanabeba karibu meseji zilezile, tofauti ni siku moja moja. Bakiza lile lisilo na tarehe na moja lenye tarehe ya karibuni zaidi, futa sita yaliyobaki. Hapo umepata MB 330 na hakuna meseji hata moja iliyopotea.

Rudi nyuma kwenye folda ya `WhatsApp`, ingia `Media`, kisha `WhatsApp Video`. Ndani yake kuna folda inayoitwa `Sent`. Kila video uliyowahi kumtumia mtu imenakiliwa humo, hata kama ya asili bado ipo kwenye kamera. Kwa mfano wetu ni MB 310. Nenda pia `WhatsApp Images`, kisha `Sent`: MB 70. Kabla ya kufuta, pitisha macho, kwa sababu picha iliyopigwa kwa kamera ya WhatsApp yenyewe inaweza kuwa haipo pengine popote isipokuwa humo. Zinazofaa zihamishie kwenye kadi, nyingine futa. Kwenye mazungumzo picha hizo zitabaki na kivuli chake cha ukungu lakini hazitafunguka. Usiifute folda yenyewe, futa vilivyomo.

Kuna folda ya tatu ambayo haionekani mpaka uiite. Fungua menyu ya programu ya mafaili na uchague Show hidden files. Ukirudi `Media` utaona `.Statuses`, jina likianza na nukta. Humo mna picha na video za status za watu ulizozitazama. Zinapaswa kujisafisha zenyewe, lakini kwenye simu iliyojaa na programu isiyofunguka hubaki zimerundikana. Futa zote, kwa mfano wetu, MB 130.

Hesabu: 330 na 310 na 70 na 130 ni 840. Ongeza zile 180 za mwanzo, una MB 1,020, na bado hujagusa picha uliyotumiwa na mtu yeyote.

Yako mawili ya kuacha kabisa. `WhatsApp Voice Notes` ina folda nyingi zenye majina ya namba kama 202417, yaani mwaka na wiki. Ni ndogo ndogo, na sauti za watu mara nyingi hazina nakala nyingine. La pili ni kitufe cha Clear data, au Clear storage, kwenye ukurasa wa WhatsApp ndani ya Settings, Apps. Kinakaa jirani na Clear cache na kinafuta meseji zote. Clear cache haina madhara, bonyeza. Jirani yake usimguse.

Simu yako ikiwa na folda nyembamba kuliko za mfano, nafasi inayofuata iko kwenye programu zilizokuja na simu. Hizi zina nakala mbili: ile ya kiwandani, iliyo kwenye eneo la mfumo ambalo huwezi kulitumia hata likiwa tupu, na ile iliyosasishwa, iliyokaa kwenye nafasi yako. Fungua Settings, Apps, chagua moja usiyoitumia, YouTube au Maps kwa mfano, bonyeza Uninstall updates, kisha Disable. Nakala iliyosasishwa inaondoka na nafasi yake inarudi kwako. Usifanye hivyo kwa Google Play services, wala Android System WebView, wala Chrome kama ndiyo kivinjari chako pekee.

Kama umefuta vingi na namba ya nafasi haijapanda, angalia kama programu ya mafaili au ya picha ina pipa la taka. Baadhi huhifadhi ulivyofuta kwa siku 30, na wakati wote huo vinakula nafasi ileile. Limwage.

## Kusasisha

Kabla ya kuwasha intaneti, kumbuka kwamba si WhatsApp peke yake inayoingoja nafasi hiyo. Programu nyingine zilizokwama kwa kukosa nafasi zitaanza kujisasisha zenyewe mara tu zikiona pametulia, na GB yako itaisha ukiitazama. Kwa hiyo:

1. Zima simu na uiwashe upya. Kwenye simu ya RAM ya GB 1 hili lina uzito kuliko linavyoonekana.
2. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti yako juu, ingia Settings, kisha Network preferences, kisha Auto-update apps, uchague Don't auto-update apps.
3. Kama kuna upakuaji wowote unaoendelea au ulio kwenye foleni, usimamishe. Foleni ndiyo sababu ya kawaida ya kuona Pending isiyoisha.
4. Tafuta WhatsApp Messenger, bonyeza Update.
5. Iache imalize. Android 5 na 6 zinaweza kukaa kwenye Installing dakika kadhaa kwa sababu ya ile tafsiri tuliyoitaja. Simu kupata moto kidogo ni kawaida. Usiizime.

Ukiona kitufe cha Open badala ya Update, Play Store inatazama taarifa za zamani. Nenda Settings, Apps, Google Play Store, bonyeza Clear cache kisha Clear data. Kwa Play Store, tofauti na WhatsApp, Clear data inafuta mipangilio yake tu, kwa hiyo ukirudi zima tena usasishaji wa moja kwa moja.

Play Store ikiendelea kugoma, kuna mlango wa pili. Fungua `whatsapp.com/android` kwenye kivinjari na upakue faili la APK. Lina saini ileile ya mtengenezaji, kwa hiyo linakubali kukaa juu ya WhatsApp iliyotoka Play Store. Android 7 na chini yake, washa Unknown sources ndani ya Settings, Security; Android 8 na juu, simu yenyewe itakuomba ukiruhusu kivinjari. Ukimaliza, ruhusa hiyo izime na faili la APK ulifute, maana nalo linakula nafasi.

Hapa ujumbe wa kosa hukwambia mengi. "There was a problem parsing the package" maana yake faili halikushuka lote, au Android yako iko chini ya kiwango kinachotakiwa. Pakua tena mara moja, ukipata jibu lilelile ni hilo la pili. "App not installed" ina sababu mbili kuu. Ya kwanza ni nafasi. Ya pili ni kwamba WhatsApp uliyonayo si rasmi, ni mojawapo ya zile zilizochakachuliwa zenye rangi na vikorombwezo, na saini yake haifanani na ya kweli. Hizo haziwezi kusasishwa kwa toleo rasmi juu kwa juu. Aliyekuwekea alikupa programu ambayo WhatsApp hufungia akaunti kwa sababu yake, na njia ya kutoka ni kuiondoa na kuweka rasmi. Meseji zake hazina uhakika wa kurudi.

Ukifungua WhatsApp baada ya kusasisha na ikakaa kwenye ujumbe wa kukuomba usubiri, subiri. Inapanga hazina. Ikikudai nafasi zaidi, futa video kadhaa kubwa kwenye `WhatsApp Video` uifungue tena. Meseji hazijaenda popote.

Ukishaingia, fanya jambo moja kabla ya kujibu mtu yeyote: Settings, Storage and data, kisha Media auto-download, uondoe alama zote kwenye data ya simu na Wi-Fi. Vinginevyo picha na video za siku zote ulizokuwa nje zitashuka kwa pamoja na kuijaza simu palepale. Kisha, kwenye ukurasa huohuo, Manage storage itakuonyesha mafaili yanayozidi MB 5 na yaliyosambazwa mara nyingi. Hapo kufuta ni rahisi kuliko kwenye folda, kwa kuwa unaona kila kitu kimetoka kwenye mazungumzo gani.

## Kama Android yenyewe ni ya zamani mno

Kwa simu ambayo mtengenezaji hakuipa toleo jipya la Android, WhatsApp haitarudi kwenye simu hiyo, ila meseji zinaweza kuhama. Zikae kwenye memori kadi kwanza: nakili folda yote ya `Databases`, na `Media` kama kadi ina nafasi.

Kwenye simu mpya, kabla ya kuthibitisha namba, weka WhatsApp lakini usiifungue. Tengeneza njia ya `Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases` kwa kutumia programu ya mafaili, uweke humo lile faili lisilo na tarehe. Kama unalo lenye tarehe pekee, libadilishe jina kwa kuondoa tarehe na ile namba inayofuata, ili `msgstore-2025-03-02.1.db.crypt14` iwe `msgstore.db.crypt14`. Mwisho wa jina usiubadilishe, 14 ibaki 14. Sasa fungua WhatsApp na uthibitishe namba ileile ya zamani. Itaiona bakapu na kukuuliza kama uirudishe: bonyeza Restore. Ukibonyeza Skip imekupita, itabidi uiondoe programu na uanze upya, huku ukihakikisha faili bado liko kwenye kadi.

Namba tofauti haifungui bakapu hiyo. Na kama uliwahi kuiwekea bakapu ulinzi wa nenosiri au ufunguo wa tarakimu 64, hapo ndipo utakapoulizwa.